Kadi ya Mihuri Aliyoinadi Vidole

Wifi yangu tunamwita Vidole. Jina hilo alipewa na mteja mmoja aliyesinzia akisukwa, akaamka na kukuta kichwa kimekwisha, akasema huyu mwanamke hana mikono, ana vidole tu, na vinafanya kazi vyenyewe. Jina likaganda. Hata kaka yangu, mume wake, anamwita hivyo, na watoto wao wakiulizwa shuleni mama anaitwa nani husita kwanza.

Mimi kichwa changu nakinyoa, kwa hiyo simsifii kwa sababu ananisuka. Namsifia kwa kuwa nimekaa naye miaka. Ukimkalia mbele, Vidole hakimbilii chanuo. Kwanza anakushika kichwa, anakuuliza umelalaje, wapi panauma, safari iliyopita nywele zilikukaa muda gani. Anajua nani ana ngozi nyepesi nyuma ya masikio na nani anajifanya jasiri huku machozi yanamlengalenga. Mstari wake umenyooka kama umepigwa rula. Na hakazi. Wako wasusi wanaokuvuta nywele mpaka macho yanahama mahali pake, ukicheka unaumia, ukilala unaumia. Kwa Vidole unatoka na uso wako uleule.

Mwenzake ndiye Madamu, mwenye saluni. Walijifunza ususi pamoja kwa mama mmoja mkali aliyekuwa akiwapiga vidole kwa kitana wakikosea mstari. Walikula sahani moja. Vidole alipojifungua mtoto wa pili mimi nilikuwa mbali, na Madamu ndiye aliyelala naye hospitali, akamfulia, akambeba mtoto mpaka nyumbani. Hilo siwezi kumnyima. Ila sikumpenda tangu mwanzo, na sijifanyi nabii: sikumpenda kwa sababu kila tukionana alikuwa na neno juu ya viatu vyangu.

Madamu alipopata fremu kando ya barabara, alimfuata Vidole, ambaye wakati huo alikuwa akisukia kibarazani kwetu, wateja wamekaa kwenye vigoda na ndoo zilizopinduliwa. Akamwambia waende wote, yeye kiti cha dirishani, Vidole kiti cha ukutani, kila mmoja ale cha mikono yake na amkatie mwenye fremu fungu la kodi. Vidole akahama na vigoda vyake. Wateja nao wakahama naye, maana mwanamke akipata msusi asiyemuumiza hamwachi hata akihamia kwenye pango.

Aliyetangulia kuhama alikuwa Nesi, mama wa makamo wa hospitali, anayefanya kazi za zamu na miguu iliyovimba. Nesi alikuwa kwa Vidole zaidi ya mteja. Alimzalisha mtoto wa kwanza. Alikuwa akija na usingizi wake, anaketi, anasema, "Mwanangu, fanya utakalo," kisha anakoroma mpaka mwisho. Vidole alikuwa akiniambia kwamba hakuna sifa aliyowahi kupewa inayoifikia ile ya mtu kukukabidhi kichwa chake na kulala.

Mambo yaliharibika ng'ambo ya barabara ilipofunguliwa saluni nyingine, ina vioo mpaka chini, draya zimepangwa na binti mlangoni anagawa maji ya baridi. Wateja wa kupita wakaanza kupita kule. Madamu akakonda. Ndipo siku moja akaja nyumbani kwa Vidole, mimi niko hapo namenya vitunguu, akasema ameota dawa: kadi ya mihuri. Mteja akisukwa anagongewa muhuri, mihuri ikijaa anasukwa bure. Kule ng'ambo hawana kitu hicho.

Walikaa wakapanga, na mimi nilisikia kila kitu, maana vitunguu havizibi masikio. Mihuri sita, msuko wa saba bure. Muhuri ni kwa msuko mzima tu, sio kwa kuosha wala kufumua. Rasta mteja aje nazo mwenyewe hata siku ya bure. Madamu akauliza, na mwisho wa kadi? Maana kadi isiyo na mwisho, mtu atakuja nayo na mjukuu. Vidole akasema miezi sita inatosha. Akaeleza alivyofikiri: mtu asiyekanyaga saluni miezi sita huyo kaondoka, kadi yake ife, anayerudi kabla ya hapo, kadi yake iendelee kuishi. Madamu akasema, "Sawa, miezi sita." Wakagongeana mikono. Nilisikia wakicheka.

Kesho yake Madamu akampiga picha Vidole, yaani mikono yake tu, imeshika kadi mpya nyeupe yenye muhuri wa kwanza wa rangi ya zambarau, umbo la chanuo. Picha ikaenda kwenye ukurasa wa saluni. Chini yake maneno, kapsheni kama wanavyoiita, yakaonekana hivi:

"Wapendwa wateja, KADI YA MIHURI imefika! Kila msuko, muhuri mmoja. Mihuri sita, msuko wa saba BURE kabisa. Kadi haiuzwi, muulize Vidole..."

Baada ya hizo nukta tatu palikuwa na neno "zaidi", kwa wino uliofifia, kama ilivyo kawaida ya simu kukukatia maneno marefu. Atakaye aliguse, yafunguke mengine. Vidole hakuligusa. Kwa nini aliguse? Yaliyobaki si alikuwepo yakipangwa? Aliitazama mikono yake, akanionyesha, akaweka alama ya moyo, akairusha kwa kila mtu anayemjua, kuanzia Nesi. Siku ile alitembea kifua mbele.

Mihuri alikuwa akigonga Vidole mwenyewe. Madamu alishikilia jambo moja tu: muhuri wa kwanza wa kila kadi lazima uandikiwe tarehe pembeni. Vidole alimuuliza ni ya nini, akajibiwa ni kumbukumbu tu. Akawa anaandika, na mwandiko wake mzuri.

Na mdomo nao ukafanya kazi. Kila aliyeketi kwenye kile kiti cha ukutani alisikia habari ya kadi. Nilikuwa nikipita pale kuwapelekea chai, kwa hiyo najua alivyokuwa akisema. Alikuwa akiwaambia usiogope, shosti, si lazima uje mbio mbio, ilimradi usinitupe nusu mwaka mzima. Ukirudi kabla ya hapo mihuri yako yote iko hai. Alisema hivyo kwa wanafunzi, kwa wauza duka, kwa mke wa fundi bomba, kwa wazee. Na hatua mbili kutoka hapo, kwenye kiti cha dirishani, alikuwepo Madamu na kitana chake, anachana, anasikia. Mara nyingine alikuwa akiitikia, "Hasa." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Wateja walirudi. Wale waliokuwa wamehamia kwenye maji ya baridi wakaanza kuvuka barabara tena, kadi mkononi. Walikuwa wanalinganisha mihuri kama watoto. Madamu akanenepa tena, akapaka ukuta rangi.

Nesi ndiye aliyekuwa wa kwanza kujaza kadi. Haikuwa ajabu, hakuna aliyekuwa mwaminifu kumzidi. Muhuri wa sita aligongewa mwezi ule aliopewa barua ya kustaafu. Akamwambia Vidole kwamba ule wa bure atauweka kwa siku ya kuagwa. Wodi nzima itakuwepo, na wakubwa, na watoto wake. Alitaka msuko mwembamba wa kubebwa juu, ule ambao miaka yote hakuwahi kuusuka kwa sababu kofia ya kazi isingekaa. Vidole alikuwa akiongea habari hiyo nyumbani mpaka kaka akasema yeye anaijua sherehe ya Nesi kuliko ya harusi yake mwenyewe.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, saluni imejaa, na mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi nasubiri birika langu. Nesi akaingia na mfuko wa rasta, anacheka, akampa Vidole kadi yake iliyojaa. Vidole akainyanyua juu wote waone. Akamketisha, akamfunga kitambaa shingoni, akaanza kugawa nywele. Madamu akaja taratibu, akaichukua ile kadi mezani, akaitazama pembeni pale penye tarehe, akasema kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa, kwamba kadi hii imeisha muda.

Vidole akacheka. Alidhani ni mzaha. Mimi mwenyewe nilicheka.

Madamu hakucheka. Akatoa simu, akafungua ile picha ya mikono, akaligusa neno "zaidi", akasoma kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika. Muhuri mmoja kwa msuko mzima. Kuosha na kufumua havihesabiwi. Rasta ni za mteja. Kadi ni ya mtu mmoja, haihamishiki. Ikipotea, mihuri haifidiwi. Kisha hiki: "Kadi na mihuri yake yote huisha muda miezi sita tangu muhuri wa kwanza. Msuko wa bure usiochukuliwa ndani ya muda huo unapotea."

Tangu wa kwanza. Si tangu wa mwisho.

Sasa wewe usiye msusi pengine hulioni. Msuko mzuri unakaa kichwani mwezi na nusu, wengine miezi miwili. Nesi, pamoja na zamu zake, hakuwahi kuzidisha mwezi na nusu. Mwanamke anayesukwa hivyo, miezi sita ikimkuta tangu muhuri wa kwanza, ana mihuri mitatu au minne, akijitahidi mitano. Kuijaza kadi ile kwa wakati kulitaka mtu anayefumua kila mwezi, na mtu wa hivyo pale saluni hakuwepo hata mmoja. Ilikuwa kadi ya kutojaa. Na walioipanga walikuwa watu wawili wanaojua kuliko yeyote msuko unakaa muda gani kichwani, kwa kuwa wao ndio wanaousuka na wao ndio wanaoufumua.

Niliona Vidole akilipata hilo. Mkono wake ulisimama katikati ya mstari. Wanawake wengine walikuwa wameshatoa kadi zao mikobani na kutazama tarehe zilizoandikwa kwa mwandiko ule mzuri, na wote wakajua mwandiko ni wa nani. Binti mmoja, mwanafunzi, akasema yeye aliyasoma yale maneno mwanzoni, ila alivyosikia Vidole anasema vingine, akaona msusi mwenyewe ndiye anayejua zaidi ya simu.

"Lakini mimi ndivyo nilivyokuwa nawaambia," Vidole akasema. "Kila siku. Na wewe upo hapo."

Madamu akajibu kwamba yaliyoandikwa ndiyo yaliyoandikwa, na maneno ya mdomo kila mtu ana yake. Akaongeza, sasa akiwageukia wateja, kwamba pengine Vidole alichanganya, lakini yeye hawezi kuendesha biashara kwa kuchanganya kwa mtu. Hapo ndipo alipomgeuzia kibao, mbele ya watu wote, bila hata kupandisha sauti.

Nesi alikuwa bado ameketi, nusu ya kichwa imegawanywa, nusu imesimama. Akageuza shingo, akamtazama Vidole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Na wewe ulijua, mwanangu?"

Vidole akasema hapana. Lakini alisema kwa sauti ya mtu aliyekabwa, na ukisema hapana kwa sauti ile inafanana sana na ndiyo. Nesi akaitikia kwa kichwa. Akafungua kitambaa mwenyewe, akafunga kilemba chake juu ya kichwa kile cha nusu, akachukua mfuko wake wa rasta, akaaga wote, akatoka. Kadi aliiacha mezani.

Mimi hapo nilitaka kumwaga lile birika mahali pake panapostahili. Vidole akanishika mkono. Akamaliza wateja wawili waliokuwa wamemsubiri. Ukitaka kujua alivyoumia, siku ile mstari wake ulipinda. Nilikuwa sijawahi kuuona umepinda.

Saluni ilipobaki na sisi watatu, alimuuliza. Hakupiga kelele. Alimuuliza kwa nini hakumsahihisha hata mara moja, miezi yote ile, wamekaa hatua mbili.

Madamu alikuwa akikusanya nywele kwa ufagio. Akasema kodi ya fremu imepanda, rangi ya ukuta haijipaki, kila biashara ina vigezo vyake. Vidole akamwambia hakuuliza habari ya kodi. Akarudia swali lake.

"Ningekusahihisha, wangerudi?" Madamu akasema. "Wewe ukisema kitu wanakiamini, kwa sababu na wewe unakiamini. Mimi nikisema wananitazama mdomo. Nilikuacha useme."

Hivyo ndivyo alivyosema, na ufagio mkononi. Mtu aliyelala naye hospitali. Nimeshasikia watu wakisalitiwa kwa wivu, kwa mwanamume, kwa shamba, na kila mara kuna mahali unaweza kusema, haya, shetani kampitia. Huyu hakupitiwa na kitu. Alimtazama mwenzake, akaona ana uaminifu ambao yeye hana, akautumia kama watu wanavyotumia draya, mpaka ukaungua.

Vidole akaomba jambo moja, ile picha ya mikono yake iondolewe. Madamu akasema picha ni ya saluni, na inaleta watu. Basi wifi yangu akakusanya vitana vyake, akachukua na vigoda alivyokuja navyo, viwili kwake viwili kwangu, tukavuka barabara tumebeba vigoda kama watu waliofukuzwa kwenye mkutano.

Nyumbani nilisema yote yanayosemwa. Nilimwambia tuandike chini ya ile picha watu wote wasome. Nilimwambia twende kwa kila mteja tukaeleze. Akasema ataanza na mmoja, na kama huyo akimwamini, wengine si neno.

Alikwenda kwa Nesi siku mbili kabla ya sherehe. Alibeba kitana, mafuta na taulo. Mimi sikwenda, aliniambia ulimi wangu utaharibu. Yaliyotokea ninayajua kwa kusimuliwa, na Vidole hatii chumvi.

Nesi alimkaribisha vizuri. Kichwa kilikuwa bado chini ya kilemba, hajakwenda ng'ambo wala popote. Vidole akaeleza kila kitu tangu siku ya vitunguu, miezi sita aliyoitaja yeye na miezi sita iliyoandikwa. Nesi akasikiliza mpaka mwisho, akasema ameelewa, asijisumbue, mambo ya biashara yana mengi. Vidole akasema basi aketi amsuke ule msuko wake wa bure, kadi au hakuna kadi. Nesi akafikiri kidogo, akavuta kiti.

Akamsuka tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Msuko mwembamba, wa kubebwa juu, mistari imerudi kunyooka. Anasema hajawahi kusuka kitu kizuri kama kile na hadhani atasuka tena. Lakini Nesi hakulala. Saa zote zile alikaa macho, mgongo umenyooka, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Vidole alipomuuliza kama anaumia alisema hapana, asante. Alipomwambia asinzie kidogo alisema leo hana usingizi.

Alipomaliza, Nesi akajitazama kwenye kioo, akashukuru sana, akaingia chumbani. Akarudi na pesa, za msuko mzima, akaziweka juu ya meza.

Vidole akasema hapana, mama, huu ni wa bure, nilikuahidi. Akazisukuma zirudi. Nesi akamshika ule mkono, akaufungua kiganja, akaziweka ndani, akavifunga vidole kimoja kimoja kwa upole, kama alivyokuwa akiwafanyia wagonjwa.

"Chukua," akasema. "Sitaki siku nyingine mtu aje aniambie muda wake ulikuwa umeisha."

Wifi yangu alizibeba zile pesa mkononi njia nzima. Alifika kwangu jioni, akaketi kwenye kigoda, akafungua kiganja kunionyesha. Nilimuuliza kama Nesi alikasirika. Akasema hapana, alimsindikiza mpaka barabarani, wakaagana vizuri.

"Afadhali angenitukana," akasema, na ndipo akalia.